Wa Nairobi, mzee wa Mombasa, ama yule wa benki anayekuja bure: nani umwite aongee na wafanyakazi wa hoteli Malindi

Kama uko ofisi ya hoteli huku Malindi ama Watamu basi hii stori waijua, kila mwaka kabla msimu haujaanza mabosi wanasema tufanye siku ya wafanyakazi, pilau ipikwe, na safari hii tulete mtu wa nje aongee nao. Sisi mada haikutusumbua. Mfanyakazi wa msimu afanye nini na hela ya Agosti na Disemba ili Mei isimkute anakopa unga dukani. Hapo kila mtu alikubali, mpaka mpishi mkuu ambaye kwa kawaida hakubali kitu. Kazi ikabaki nani aje, na hapo tukapata majina matatu, na mimi ndio nikapewa kazi ya kuyaweka pamoja niseme lipi linafaa. Naandika hapa vile nilivyolinganisha, kwa sababu naona hoteli nyingi zinalinganisha bei peke yake na bei ndio kitu kinachodanganya kushinda vyote.

Wa kwanza ni mtaalamu wa mambo ya fedha kutoka Nairobi, anaongea vizuri, yuko kwenye redio, slaidi zake kali. Alisema shilingi 120,000 na VAT juu. Wa pili ni mzee mmoja wa Mombasa, alikuwa meneja wa benki miaka mingi akastaafu, sasa anafundisha vyama vya akiba na makundi ya kina mama. Yeye alisema 45,000 "mkononi", na hilo neno mkononi lishike tutalirudia. Wa tatu ni afisa wa tawi la benki moja hapa hapa mjini, huyo hataki hata senti, anakuja na banda lake na kofia za kugawa.

Ukiangalia hivyo unasema ah wa tatu bure, wa pili nafuu, wa kwanza ghali, kazi imekwisha. Ngoja kwanza.

Mimi nilianza na watu watakaokaa kwenye viti, sio na bei. Tuko wafanyakazi 84. Wa vyumbani, jikoni, bustanini, walinzi, wa kufua, madereva, wahudumu wa mezani, halafu wachache wa ofisi. Karibu wote Kiswahili ndio lugha yao ya kazi, wengi nyumbani ni Kigiriama, wahudumu wa mezani wanakata Kitaliano kuliko Kiingereza. Wengi mkataba ni wa msimu, yaani wanaingia Julai wanatoka baada ya Pasaka. Na kitu ambacho mtu wa nje hakijui, hoteli haifungwi. Hata wageni wakiwa kumi, lazima kuna mtu jikoni na kuna mtu getini. Kwa hivyo huwezi kuwaweka watu 84 ukumbini kwa wakati mmoja, utawapata nusu, na nusu nyingine ndio wale ambao kila mwaka wanasikia tu kwamba kulikuwa na mgeni.

Dawa yake ni vikao viwili siku moja. Wanaoingia shifti ya mchana wanasikiliza asubuhi kabla ya kazi, na waliotoka shifti ya asubuhi wanasikiliza jioni. Na hapo ndipo hesabu ya bei ilipogeuka, kwa sababu nilipowapigia tena kuuliza "hiyo bei ni ya kikao ama ni ya siku?" wa Nairobi akasema ni ya kikao kimoja cha dakika 90, kikao cha pili anatoza nusu, 60,000. Mzee akacheka, akaniambia mwanangu mimi nikishafika nimefika, hata mkitaka vikao vitatu nipeni tu chai katikati. Kwa hivyo yule wa 120,000 sasa ni 180,000 na yule wa 45,000 bado ni 45,000. Hili swali liulize kabla ya swali lingine lolote, na jibu liandikwe, kwa sababu wasemaji wengi wa Nairobi wanauza kwa kikao na wala hawafichi, ni wewe tu hukuuliza.

Sasa tuje kwenye "mkononi". Hapa Kenya ukimlipa mtu mkaazi wa nchi ada ya ushauri ama ya mafunzo, na jumla ya mwezi ikifika shilingi 24,000, kampuni inatakiwa ikate asilimia 5 iipeleke KRA. Ndio ile kodi ya zuio. Inakatwa kwenye ada kabla ya VAT, sio kwenye jumla yote ya invoisi. Wa Nairobi anajua haya, bei yake ameiweka akijua atakatwa. Mzee alivyosema 45,000 mkononi maana yake ni kwamba yeye anataka aone 45,000 kamili kwenye akaunti, kodi ni shauri yenu. Hakuna ubaya, lakini basi wewe unaipandisha ada ili ukishakata kodi ibaki 45,000. Na watu wengi wanaipandisha vibaya: wanachukua 45,000 wanaongeza asilimia 5 wanapata 47,250, halafu wakikata 5 ya hiyo anabaki na 44,887 na mzee anapiga simu kuuliza mia na kitu iko wapi. Unagawa, huongezi. 45,000 gawa kwa 0.95 unapata 47,368, kata asilimia 5 ambayo ni 2,368, inabaki 45,000 kamili.

Pesa ikishakatwa mna siku tano za kazi za kuipeleka, na mwenye ada anapata cheti chake kwenye iTax ambacho anakitumia mwisho wa mwaka akipeleka ritani zake. Bila PIN ya msemaji hutoboi, kwa hivyo PIN inaombwa siku ile ile anapokubali, sio wiki ya malipo. Na kitu kingine, tangu 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na invoisi ya eTIMS, yaani ile ya mfumo wa KRA wenyewe, KRA haiikubali kama gharama ya biashara. Wa Nairobi anayo, kampuni yake imesajiliwa VAT. Mzee hana VAT na alikuwa anadhani eTIMS haimhusu, lakini asiye na VAT pia anatoa, hata kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222# na kufuata maelekezo. Kama ni mtu mzima, muweke kijana wa hesabu amsaidie kwa simu siku chache kabla, usimuachie akashindane na hiyo menyu jioni ya tukio amechoka.

Usafiri. Wa Nairobi anaruka mpaka Malindi, safari ya kama saa moja angani, na mimi nilitenga 24,000 kwenda na kurudi. Ushauri wangu hapa tiketi inunuliwe na hoteli moja kwa moja kwa jina la hoteli, isipitie kwenye invoisi yake. Akiinunua yeye akaja kuiweka kwenye invoisi moja na ada, mhasibu ataanza kukuna kichwa kama akate kodi mpaka kwenye tiketi, na VAT nayo inaweza kupanda juu yake. Mzee anakuja na gari, Mombasa Malindi ni kama kilomita 120, mafuta kwenda na kurudi na cha kununua madafu Kilifi nimeweka 5,000. Vyumba sikuviweka kwenye hesabu maana Juni vyumba viko vitupu, analala mmoja kwetu hakitubadilishii kitu isipokuwa mashuka na chakula. Lakini ukifanya hii Disemba, ndugu yangu, hicho chumba anacholalia msemaji ungekiuza, kiweke kwenye hesabu kwa bei yake.

Nikaweka hivi, shilingi zote:

| | Wa Nairobi | Mzee wa Mombasa | Wa benki |
|---|---|---|---|
| Ada, vikao viwili | 180,000 | 47,368 | 0 |
| VAT asilimia 16 | 28,800 | hayuko kwenye VAT | hakuna |
| Kodi ya zuio (inatoka ndani ya ada) | 9,000 | 2,368 | hakuna |
| Anachopokea | 199,800 | 45,000 | 0 |
| Usafiri | 24,000 | 5,000 | anakuja mwenyewe |
| Inayobaki juu ya hoteli | 204,000 | 52,368 | pilau tu |

Ile 204,000 ni kwa hoteli iliyo kwenye VAT, kwa sababu hiyo 28,800 mnaidai kwenye hesabu zenu za VAT. Kama kampuni yenu haiko kwenye VAT basi haidaiwi popote, imeenda, na wa Nairobi anakuwa 232,800. Ukigawa kwa watu 84, wa Nairobi ni kama 2,400 kwa kichwa na mzee ni kama 620.

Bei peke yake lakini haitoshi kusema mzee ndio bora, kwa sababu kuna wasemaji wa bei nafuu ambao watu wanalala. Kwa hivyo nikawapa wote watatu swali moja, niliwaambia nitumie ujumbe wa sauti wa Wasap, dakika kumi hazizidi, unamweleza mtu wa bustani anayelipwa 20,000 kwa mwezi payslipu yake halafu unamwambia aanzie wapi. Hili jaribio nalipendekeza kwa kila mtu, ni bure na linaonyesha zaidi kuliko vitabu vya sifa zao. Anayekataa kwa sababu eti yeye hafanyi majaribio, sawa, lakini basi unanunua usichokisikia.

Mzee alianza na karatasi yenyewe. Elfu ishirini, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 ni 550, ada ya nyumba asilimia 1.5 ni 300, NSSF asilimia 6 ni 1,200, jumla 2,050, kodi ya mapato hufiki, unabaki na 17,950. Halafu akasema sasa wewe una miezi tisa ya mshahara na miezi mitatu ya ukame, kwa hivyo usihesabu mshahara wako ni 17,950, chukua miezi tisa yote jumlisha ni 161,550, gawa kwa kumi na mbili, mshahara wako wa kweli ni kama 13,460. Ishi kwa hiyo. Ile 4,490 inayobaki kila mwezi sio akiba, ni mshahara wako wa Mei umekuja mapema. Na bakshishi ndio iwe akiba. Yaani mimi mwenyewe nimekaa hoteli miaka na hakuna aliyewahi kuniwekea hivyo. Alisema yote kwa Kiswahili cha kawaida, hata kile kikohozi chake kilikuwa cha Kiswahili.

Wa Nairobi alikuwa mzuri pia, sitaki kumdharau. Lakini mfano wake ulianzia kwenye bondi za serikali, ambazo kiwango cha chini ni 50,000, akaendelea na mifuko ya uwekezaji, akataja asilimia za faida, na nusu ilikuwa Kiingereza. Mtu wa bustani akisikia uanzie na 50,000 anaangalia saa. Nilimwuliza kama anaweza kubadilisha, akasema anaweza, ila kuandaa mada upya ni ada nyingine. Sasa hapa ndipo ninaposema inategemea hadhira: kama mkutano ungekuwa wa mameneja wa idara na wenye mishahara ya laki na kuendelea, watu kumi na tano hivi, kikao kimoja, ningemchukua wa Nairobi bila kusita, 120,000 yake ingekuwa halali. Hao wana 50,000 ya kuweka na hao wanataka kusikia hizo asilimia.

Wa benki, sasa. Huyu hakutuma sauti, alituma brosha. Ya mikopo ya mshahara. Nikampigia, kijana ana adabu kabisa, akaniambia "dada, sisi hatulipishi, tunaomba tu dakika ishirini za mwisho tuwasajili watu, na mtutumie orodha ya majina, namba za kitambulisho na simu tuandae fomu mapema." Basi hapo ndio bei yake ilipo. Orodha ya wafanyakazi na vitambulisho vyao huwezi kuitoa hivi hivi, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, hizo taarifa mfanyakazi alikupa kwa ajili ya ajira sio kwa ajili ya benki kumuuzia mkopo. Anayetaka atajiandikisha mwenyewe kwenye meza, kwa mkono wake.

Na hata bila orodha, angalia mkopo wenyewe. Sheria ya ajira inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani mtu wa 20,000 lazima abakiwe na angalau 6,667. Wauza mikopo wanaigeuza hiyo, wanamwambia "bado una nafasi". Kwa hesabu, makato ya sheria ni 2,050, kwa hivyo benki inaweza kukata mpaka 11,283 kila mwezi na bado iko ndani ya sheria. Ndani ya sheria ndio, lakini mtu anabaki na 6,667 ya kulisha watoto. Na mkopo ni wa miezi 24 huku mkataba wake ni wa miezi tisa, Aprili hoteli inaacha kumlipa kwa hivyo inaacha kumkata, na mkopo hauachi, riba inaendelea kutembea. Msimu unaofuata akirudi Julai anaanza na deni la miezi mitatu. Hii nimeiona kwa macho, na watu wale mkopo waliusaini siku ya sherehe, muziki unalia, kofia kichwani.

Sisemi usimwite wa benki kabisa. Mpe meza nje ya ukumbi, baada ya mazungumzo, ajibu maswali ya akaunti za akiba, bila fomu za mikopo siku hiyo. Wetu nilipomwambia hivyo alisema atashauriana na meneja wake, na hajapiga tena simu.

Tarehe nayo inaweza kukuharibia mpango mzuri, na hapa Pwani ina vikwazo vyake. Ramadhani isahau, na inasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka kwa hivyo usitumie tarehe ya mwaka jana. Ijumaa mchana haiwezekani, Jumapili nusu ya watu wako kanisani. Halafu kuna mvua za masika, Aprili na Mei, ukumbi wetu wa makuti unavuja na watu wengi washarudi kwao Ganze na Magarini. Mwanzo nilifikiria Mei kwa sababu hoteli imelala, lakini mada ni ya kupanga hela kabla haijaja, na Mei mtu hana hela ya kupanga, utakuwa unamkumbusha shida. Tukachukua mwisho wa Juni, watu wa msimu wameshaitwa kusaini mikataba lakini wageni wa Julai na wale Wataliano wa Agosti hawajafika. Jumatano, 24 Juni 2026. Kikao cha kwanza saa tatu asubuhi mpaka saa nne u nusu, cha pili saa kumi na robo watu wameshaswali alasiri mpaka saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, magharibi bado. Kwenye barua andika na 9:00 na 4:15 pembeni, maana kalenda ya simu ya mtu inaandika hivyo na hutaki msemaji aje saa tatu usiku.

Kikao cha jioni kikiisha saa hiyo mgeni halali kwake, iwe wa ndege ama wa gari. Wa Nairobi alihitaji usiku mbili, afike siku moja kabla, kwa sababu kikao ni saa tatu asubuhi na ndege ikichelewa hakuna wa kumbadilisha. Mzee pia nimemwambia aje Jumanne jioni, barabara ya Mombasa ukikuta lori limelala pale Mtwapa asubuhi unaweza kumaliza saa zako zote hapo.

Kwa wenzetu wa Lamu ongezeni hapa: ndege inashuka Manda, halafu ni boti mpaka mjini, kwa hivyo kwenye bajeti kuna boti na mpokeaji aliyesimama kwenye gati na jina la mgeni. Kama msemaji ni mtu mzima muulizeni magoti yake kabla, maji yakitoka zile ngazi za gati zinakuwa ndefu na zina ukoga. Na kwa barabara kutoka Malindi inaishia Mokowe, kutoka hapo ni boti vile vile. Mzee wetu kwa Lamu angekuwa ni siku tatu, na bei yake isingekuwa hiyo.

Kwa hivyo tukamchukua mzee. Barua niliyomwandikia ndio hii, nimetoa majina, unaweza kuichukua:

> Mzee wetu, shikamoo.
>
> Tunakuomba uje uongee na wafanyakazi wa hoteli yetu hapa Malindi siku ya Jumatano, 24 Juni 2026. Mada ni vile tulivyoongea: mshahara wa msimu na jinsi ya kuufikisha mwaka mzima.
>
> Hadhira ni watu 84, tumewagawa vikao viwili vya watu 42 hivi, saa tatu asubuhi (9:00) na saa kumi na robo jioni (4:15). Kila kikao ni dakika 60 za kuongea na 30 za maswali. Wengi ni wa vyumbani, jikoni, bustani na ulinzi, lugha ni Kiswahili. Wengine hawasomi sana kwa hivyo ubao na hesabu ya kuandika kwa mkono ni bora kuliko slaidi. Maiki na ubao vipo.
>
> Ada ni shilingi 47,368 kwa vikao vyote viwili. Tutakata kodi ya zuio 2,368 na wewe utapokea 45,000. Nusu ya malipo tunatuma mwanzo wa Juni ukishathibitisha barua hii, nusu siku ya tukio baada ya kikao cha pili. Mafuta ya gari 5,000 ni mbali, utapewa ukifika. Chumba na chakula kuanzia Jumanne jioni ni juu yetu.
>
> Tukiahirisha sisi chini ya siku 14 kabla, nusu uliyopokea ni yako. Ukipata udhuru wewe, tunatafuta tarehe nyingine pamoja kabla ya 10 Julai.
>
> Tungependa kurekodi sauti ya kikao cha asubuhi kwa ajili ya walinzi wa usiku peke yao. Kama hutaki, tuambie tu.
>
> Tunaomba namba yako ya PIN na jibu kabla ya 15 Mei.

Ile nusu nusu ya malipo ina jambo moja: zote mbili ziko ndani ya Juni kwa hivyo jumla ya mwezi inapita 24,000, na kila nusu inakatwa kodi wakati inalipwa, yaani 1,184 mara mbili, sio yote mwisho. Na kwa tarehe kama yetu, nusu ya pili isivuke Juni bila sababu, maana Sheria ya Fedha mpya kwa kawaida huanza 1 Julai na viwango vikibadilika itabidi upige hesabu ya mkononi upya. Kuhusu kurekodi, wa Nairobi alitaka ada ya ziada kwa video, na ana haki, hiyo ndio bidhaa yake, mtu akiisambaza Wasap nani atamwita tena.

Kuna mwenzangu aliuliza mbona tusimlete Mtaliano mmoja mtaalamu ambaye huja likizo hapa. Kama si mkaazi wa Kenya kodi ya zuio ni asilimia 20 sio 5, halafu kuna kibali cha kufanya kazi ya siku hiyo, kuna mkalimani. Nikamwambia aje ale pilau tu.

Mzee alijibu kesho yake, PIN ikiwemo, na swali moja: kama anaweza kupata payslipu halisi ya Agosti iliyofutwa jina aje nayo kwenye ubao. Nimempa mbili, ya mtu wa vyumbani na ya mlinzi.